Nani kala maembe yangu: ndege, panya au wadudu? Tusaidiane kusoma alama

SalmaWaMkuranga
Wakuu habari za jioni. Nina miembe michache huku Mkuranga, mingi ni Apple na mingine Dodo. Msimu huu maembe yanaharibiwa kabla sijavuna. Kila asubuhi naokota yaliyoanguka yakiwa na matobo, na hata yaliyobaki mtini mengine yameliwa upande. Mnunuzi wangu ameshasema hachukui lenye kovu.

Jirani wa kushoto anasema ni panya, niweke sumu. Wa kulia anasema ni kunguru, nifunge makopo yapige kelele. Muuza pembejeo ananiambia nipige dawa ya wadudu. Fedha niliyo nayo inatosha jambo moja tu, na sitaki kupiga dawa kwa mnyama ambaye dawa haimhusu. Je, mtu anaweza kuangalia jeraha kwenye tunda akajua aliyelila? Nina maembe matatu hapa mezani:

La kwanza ni Apple linaloanza kuiva. Lina tobo karibu na kikonyo, upana wa kama sentimita 2, ndani sisimizi wamejaa.
La pili ni bichi, gumu. Limeliwa ubavuni eneo pana, lakini si kwa kina.
La tatu halijaliwa kabisa, lina nukta nyeusi tu na sehemu laini ukibonyeza.

Kibarua_77
Hao ni kunguru, dada yangu, hakuna mjadala. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wamejaa pwani yote. Tobo karibu na kikonyo ni mdomo wa kunguru. Mimi huku Kigamboni naona kwa macho yangu.

MzeeWaMiembe
Salma, maneno ya jirani zako yawekwe pembeni kwanza, tuyaangalie maembe. Nimefanya kazi ya kukinga mazao kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na jambo hili linanigusa kwa sababu nimeona watu wakitia sumu shambani bure.

Kibarua anaweza kuwa sahihi kwa lile la kwanza. Kwa la pili sidhani. La tatu hakuna aliyeling'ata.

Kosa la wengi ni kuangalia ukubwa wa tobo. Ukubwa haukwambii kitu, kwa sababu tobo hupanuliwa na kila anayekuja baadaye: sisimizi, nyigu, mbawakawa, na kuoza kwenyewe. Angalia ukingo, pale ganda linapokutana na nyama, na uangalie upande uliokaa mkavu zaidi. Fanya hivi usiku huu: zima taa, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa tunda ili mwanga upite juu ya jeraha kwa mshazari. Mikwaruzo ambayo mchana huioni itatoa vivuli. Halafu nijibu haya:

Embe la kwanza: tobo likienda ndani linakuwa jembamba au linabaki na upana uleule? Ganda la ukingoni limechanika au limekatwa? Kuna utomvu mweusi uliotiririka, na umetiririka kuelekea wapi?

Embe la pili: kwenye nyama ngumu kuna michirizi? Kama ipo, inakwenda sambamba? Weka rula upime upana wa jozi moja.

Makueni_Grace
Habarini kutoka Kenya. Sisi Makueni shida yetu kubwa ni nzi wa matunda, yule aliyegunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003 akaenea kila mahali. Huyo wa tatu ni yeye, niko tayari kuapa. Dada, kata ganda jembamba sana juu ya ile nukta kwa wembe. Ukiona vitu vyeupe vyembamba vya urefu wa milimita moja hivi, hayo ni mayai. Ukichelewa utakuta funza. Funza waliokomaa ukiwaweka kwenye sahani wanajikunja na kuruka, huwezi kuwasahau.

SalmaWaMkuranga
Grace, nimekata. Hakuna mayai, kuna funza wadogo weupe na nyama imekuwa kama uji kuzunguka kokwa. Asante sana.

Mzee, nimefanya na tochi. La kwanza: tobo ni pana juu, chini linachongoka. Ganda limechanika kwa pembe pembe, sehemu moja limebonyea kuingia ndani. Utomvu umekauka mweusi, umetiririka mstari mmoja kutoka kwenye tobo hadi ncha ya chini ya embe.

La pili: michirizi ipo! Sikuiona mchana. Iko miwili miwili, katikati ya kila jozi kuna ukuta mwembamba wa nyama. Jozi moja inakaribia milimita 4 kwa rula ya mwanangu.

MzeeWaMiembe
Umepima vizuri. Sasa tunaweza kusema kitu.

Ndege hana meno. Anachoma, kisha anavuta. Kwa hiyo jeraha lake huanza kama shimo lenye umbo la mdomo, pana juu na kuchongoka ndani, na ganda linachanika badala ya kukatwa. Lile pande la ganda lililobonyea ndani ndipo mdomo ulipoingilia. Kwa kawaida hupiga mahali anapofikia akiwa amesimama kwenye tawi au kikonyo, ndiyo maana mabega ya embe huumia kuliko ncha. Sisimizi wamekuja baadaye, wamekuta mlango uko wazi.

Utomvu ndio shahidi ninayempenda kuliko wote. Embe likiwa bado bichi au linaanza tu kuiva, ukilijeruhi linatoa utomvu, nao unashuka kwenda chini kama kitu chochote kinachotiririka. Mstari wako umekwenda moja kwa moja hadi kwenye ncha, maana yake embe lilikuwa linaning'inia lilipopigwa. Kama mstari ungekata upande, au usingekuwepo kabisa, tungesema huenda lilianguka lenyewe kisha likaliwa chini, na hapo hakuna wa kumlaumu kwa hasara yako.

La pili ni mnyama wa meno mawili ya mbele. Hung'ang'ania kwa meno ya juu na kukwangua kwa ya chini, ndiyo maana unapata michirizi miwili miwili iliyotengana kwa ukuta mwembamba. Jozi ya milimita 3 hadi 4 ni ya panya mkubwa. Panya mdogo wa nyumbani, yule wa kabatini, jozi yake ni milimita 1 hadi 2. Rudi chini ya mti lilipotoka hilo embe utafute vipande vidogo vya ganda vilivyotemwa. Panya mara nyingi hubandua ganda na kuliacha, kwa sababu anataka nyama.

Kibarua_77
Mzee, nakubali la pili. Lakini kunguru naye anaweza kuacha mistari miwili kwa mdomo wa juu na wa chini, sivyo?

MzeeWaMiembe
Anaweza, swali zuri. Mdomo ukibana na kuvuta unaacha alama mbili, lakini zinaelekeana, moja upande huu na nyingine upande ule, kipande kikiwa kimenyofolewa katikati. Za panya ziko bega kwa bega na zinaelekea upande mmoja. Pia ndege harudii palepale kwa mpangilio. Panya hukwangua safu juu ya safu mpaka eneo linakuwa kama limepigwa randa. Ndiyo maana jeraha la Salma ni pana lakini halina kina.

Ila sikumaanisha kwamba ndege wako ni kunguru. Shore na kuzumburu nao hutoboa matunda. Kwa tobo la sentimita 2 lililokwisha kuliwa na sisimizi, mimi siwezi kumtaja ndege kwa jina. Naweza kusema ndege, basi.

Chungwa_Muheza
Jamani mimi nimeingia na langu. Machungwa yangu huku Muheza yanabaki mtini yakiwa mazima kabisa ukiyatazama kwa mbali, ukishika unakuta ganda tupu! Ndani hakuna kitu. Tobo moja tu la mviringo. Nimeambiwa ni nondo wa usiku anayefyonza maji ya chungwa. Nondo mmoja anamaliza chungwa zima?

MzeeWaMiembe
Hapana, ndugu yangu. Nondo anayefyonza yupo kweli, na machungwa anayapenda, lakini anaacha kitundu kama cha sindano. Ukilibana chungwa, maji yanachirizika kwenye kitundu hicho, na baada ya siku chache pale pamelainika na kubadilika rangi. Hawezi kula nyama. Chungwa lililokombwa likabaki ganda likining'inia, tobo la kupitisha kidole au zaidi, hiyo ni kazi ya panya wa darini, yule mwembamba mwenye mkia mrefu ambaye ni mpandaji hodari. Cha ajabu, kwenye malimau hufanya kinyume: anaweza kula ganda na kuacha limau lenyewe limevuliwa.

Lishike hilo chungwa tupu, ulitazame ukingo wa tobo kwenye ile sehemu nyeupe ya ganda. Nyeupe ile inahifadhi alama za meno vizuri kuliko nyama yenye maji.

Chungwa_Muheza
Nimetazama mawili. Ukingo una vijino vijino vya kukatwa, viwili viwili. Kweli. Na nina malimau matatu yaliyovuliwa ganda, nilidhani watoto.

Bint_Wete
Assalaam alaykum. Mbona hakuna aliyemtaja popo? Huku Pemba tunaye popo mkubwa ambaye hapatikani kwengine duniani, na wapo wadogo pia. Embe zikiiva, usiku ni wao. Asubuhi mtu akiona embe limechanwa anasema kunguru, kumbe kunguru kaja kula mabaki. Miye nawaomba msiwalaumu na kuwaua, popo wa Pemba waliwahi kupungua sana kwa kuwindwa, wakaja wakalindwa. Lakini alama zao mzijue.

MzeeWaMiembe
Wa alaykum salaam. Ahsante sana binti, nilikuwa nakuja huko. Salma aliuliza ndege, panya na wadudu, lakini pwani ukimsahau popo hesabu haikamiliki.

Popo anang'ata kwa meno marefu ya pembeni. Kwenye ganda utakuta vitundu viwili vilivyoachana, mbali zaidi ya meno ya panya ambayo yamebanana, na pengine mikwaruzo ya kucha mahali alipokumbatia tunda. Anachana ganda vipande virefu. Ila alama yake bora haipo kwenye tunda. Popo hutafuna, anakandamiza nyama kwenye kaakaa lake, anameza maji na kutema nyuzi. Yale makapi ni donge bapa, kavu, la nyuzi zilizoshikamana. Panya hatemi hivyo, wala ndege. Tena popo hupenda kubeba tunda akalile kwenye mti mwingine, kwa hiyo makapi na kokwa utazikuta chini ya mti ambao si mwembe.

MamaAisha_Tanga
Samahani naomba kuuliza, mwanangu kala embe lililong'atwa na popo, alikata ule upande akala uliobaki. Kuna madhara? Nimeingia hapa nikiona mnazungumzia kung'atwa.

Makueni_Grace
Pole mama. Uzi huu ni wa kutambua alama za shambani, lakini nikujibu kidogo: tunda lililong'atwa na popo, panya au ndege usimpe mtoto, hata ukikata upande, maana mate na mkojo havionekani. Akipata homa au kuharisha mpeleke zahanati na uwaambie wazi alichokula.

MamaAisha_Tanga
Ahsante mwanangu. Yuko salama anacheza, nitamwangalia.

Kibarua_77
Sasa kama alama zinasomeka hivyo, kwa nini mwaka jana sisi tulikata maembe mengi tusione mchirizi hata mmoja na panya tulikuwa nao kwa hakika?

MzeeWaMiembe
Yalikuwa yameiva?

Kibarua_77
Yameiva kabisa, tuliyaokota mchana.

MzeeWaMiembe
Basi ndiyo sababu. Nyama ya embe bivu haishiki alama. Mchirizi wa alfajiri, kufika saa nne asubuhi umeshaloa na kulegea, na sisimizi wamemaliza kazi. Embe bichi ndilo linaloandika vizuri. Likiwa bivu, tafuta sehemu mbili: ganda lenyewe, ambalo ni gumu kidogo, na kokwa kama limefikiwa, kwa sababu ganda la kokwa hushika alama ya meno. Na uyaokote mapema, kabla jua halijachomoza sawasawa.

Wadudu watafunaji nao wana namna yao. Nyigu na mbawakawa wakikuta tobo, wanakula nyama kutokea chini ya ganda, ganda linabaki juu kama karatasi nyembamba inayoning'inia, na shimo la ndani linakuwa laini bila mchirizi. Ukiona hivyo ujue wao ni wa pili. Kiwavi anaacha kinyesi cha chenga chenga mlangoni. Kitundu cha mviringo, safi, kama milimita 2, kisicho na chenga, mara nyingi ni funza wa nzi aliyemaliza kula na kutoka kwenda kujizika udongoni.

Salma, nataka ufanye jambo moja. Jioni giza linapoingia, okota kila embe chini, usiache hata moja. Yale yaliyoharibika mtini yafunge uzi ili uyajue. Alfajiri pita tena: yote mapya ni ya usiku. Kisha pita tena jioni: mapya ni ya mchana. Ndege wako hulala usiku, panya na popo ni wa usiku. Ukiunganisha saa na umbo la alama utakuwa na hakika ambayo alama peke yake haikupi. Ukipata nafasi, chekecha majivu uyamwage duara kwenye shina.

SalmaWaMkuranga
Nimerudi, wakuu. Nimefanya kama mzee alivyosema. Naweka hapa mkusanyo wa alfajiri moja, maembe 34, nimeyapanga kwenye kanga kwa mafungu.

19 yana michirizi ya jozi au ganda lililokatwa vijino. 7 yana nukta na funza, hayakuliwa na mtu. 6 yana matobo ya kuchongoka, lakini haya yote yalikuwa na uzi wangu, maana yake yalipigwa mchana uliotangulia yakaanguka usiku. 2 yamebaki kokwa na nyuzi, sikuweza kuyasoma. Ila chini ya mkorosho ulio mpakani nimekuta madonge bapa ya nyuzi kama alivyoeleza Mzee, na kokwa nne. Pale hakuna mwembe juu.

Kwenye majivu kuna nyayo ndogo na mstari wa mkia. Na vinyesi juu ya panda la tawi, virefu vilivyochongoka ncha, kama sentimita 1.

MzeeWaMiembe
Kazi nzuri kabisa. Zaidi ya nusu ni panya, na kinyesi hicho kinaungana na jozi ya milimita 4. Yale mawili yahesabu kwa popo kwa kukisia tu, usiyaandike kama hakika.

Sumu usiitie. Bundi wakila panya waliokula sumu nao hufa, na bundi ndio wasaidizi wako. Funga bati laini kuzunguka shina, upana usiopungua sentimita 30, mita moja kutoka ardhini, lisiache mwanya. Kisha kata kila tawi linalogusa paa, ua au mti mwingine, la sivyo bati halina kazi. Kwa nzi, yale 7 usiyatupe jalalani: yafukie kwa kina au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uuache juani, funza wafie humo. Halafu ndipo mtego wa kivutio cha nzi dume, Grace atakueleza.

Makueni_Grace
Nitakuandikia, dada. Lakini anza na usafi, mtego peke yake hautoshi.

SalmaWaMkuranga
Bati nimefunga kwenye miembe yote isipokuwa mmoja uliobanana na mnazi, huo siwezi kuutenga bila kukata mnazi. Iliyofungwa michirizi imepungua sana. Lakini huo mmoja umenichanganya: maembe yenye michirizi ya jozi nayakuta jioni pia, mapya, na asubuhi niliyaacha mazima. Panya anakula mchana?

Kibarua_77
Hapo ni kindi huyo. Mimi naona kindi kwenye minazi mchana kweupe.

MzeeWaMiembe
Kibarua nadhani umempata. Kindi ni wa mchana na meno yake ni ya namna ileile. Upana wa jozi unaingiliana na wa panya mkubwa, kwa hiyo kwa rula sitaweza kuwatenganisha. Panya akiwa na njaa au wakiwa wengi naye huonekana mchana. Salma, kaa mbali na mti huo kuanzia saa tisa alasiri, kimya, uangalie.

Bint_Wete
Na uangalie madafu ya huo mnazi. Panya hutoboa changa karibu na kikonyo, tobo la mviringo, halafu dafu linaanguka. Ukiyakuta chini, panya yumo hata kama kindi naye yumo.

SalmaWaMkuranga
Madafu yaliyotobolewa yapo matatu chini. Kindi sijamwona bado, leo upepo ni mwingi. Kesho nakaa tena.